Sura ya Saba: Yai Lililoelea na Yai Lililozama

Ripoti nyingi za zoezi la kuchunguza kinyesi cha mifugo huwa na sentensi mbili ambazo mwalimu huzizungushia kalamu nyekundu. Ya kwanza husema, "Mnyama huyu hana minyoo." Ya pili huja mwishoni: "Matokeo yanaweza kuwa na makosa ya kibinadamu." Ya kwanza inadai zaidi ya kile mwandishi alichokiona. Ya pili haidai chochote, na kwa hiyo haimsaidii yeyote: wala mwalimu anayesahihisha, wala daktari wa mifugo atakayeisoma, wala mfugaji anayengoja kuambiwa kama anunue dawa au asinunue.

Sura hii inaonyesha jinsi ya kuandika ripoti isiyohitaji sentensi hizo. Tutashika zoezi moja, lile la kuelesha na kutuamisha mayai ya minyoo, tulifuate kuanzia mbinu hadi hitimisho. Mfano wetu umetungwa kwa ajili ya kufundishia, lakini umejengwa juu ya mambo yanayotokea katika maabara za vyuo vya mifugo kila muhula. Tuseme kuna sampuli mbili kutoka Mvomero, mkoani Morogoro. Sampuli A ni ya ng'ombe jike anayechungwa kwenye majaruba ya mpunga baada ya mavuno. Sampuli B ni ya mbuzi anayefungwa nyumbani na kulishwa majani ya kukatwa. Vikundi vitatu vya wanafunzi vinazichunguza.

Kwa nini kinyesi kimoja kipimwe mara mbili

Utangulizi wa ripoti una kazi moja: kueleza kwa nini mbinu hizi mbili zimewekwa pamoja. Wanafunzi wengi huujaza historia ya minyoo, madhara yake kwa mfugaji na orodha ya dawa. Hayo yana mahali pake, lakini si hapa. Msomaji anataka kujua jambo gani la maumbile linaifanya mbinu ifanye kazi, kwa sababu baadaye jambo hilo hilo ndilo litakaloeleza kwa nini imeshindwa.

Jambo lenyewe ni densiti. Yai bichi la kuku huzama katika maji matupu, lakini ukiyatia chumvi ya kutosha huelea. Mayai ya minyoo yana tabia hiyo hiyo. Maji yana densiti ya 1.00. Mayai mengi ya minyoo wa mviringo wanaoishi tumboni na kwenye utumbo wa ng'ombe na mbuzi, wale wa kundi la strongili, yana densiti ya kati ya 1.05 na 1.10 hivi. Maji yaliyokolea chumvi ya mezani kiasi cha kutoweza kuyeyusha zaidi hufika karibu na 1.20. Ukikoroga kinyesi katika maji hayo, mayai ya strongili hupanda juu, huku sehemu kubwa ya mabaki ya majani na mchanga ikibaki chini. Hiyo ndiyo mbinu ya kuelesha. Willis aliichapisha kwa maji ya chumvi mwaka 1921, akitafuta mayai ya safura katika kinyesi cha binadamu, na msingi wake haujabadilika.

Yai la mnyoo bapa wa ini ni suala jingine. Ni kubwa, ni zito kuliko maji ya chumvi yaliyokolea, na kwa hiyo halipandi. Unaweza kungoja saa nzima mbele ya tyubu na usilione. Kwa yai hilo tunageuza hesabu: tunatumia maji ya kawaida, tunaliacha lizame, kisha tunamwaga yaliyo juu na kutafuta kwenye mashapo. Hiyo ndiyo mbinu ya kutuamisha.

Hapa kuna swali ambalo ripoti nzuri hulijibu. Ikiwa katika maji ya kawaida kila yai huzama, kwa nini kutuamisha hakutupi mayai yote, ya strongili na ya minyoo wa ini kwa pamoja? Jibu liko kwenye kasi. Mwaka 1851 Stokes alionyesha kuwa kasi ya chembe ndogo inayozama inategemea tofauti kati ya densiti yake na ya kimiminika, na inategemea mraba wa kipenyo chake. Kipenyo kikiongezeka mara mbili, kasi huongezeka mara nne. Yai la mnyoo wa ini lina urefu wa karibu mikromita 150. La strongili lina karibu 80, tena ni jepesi zaidi. Ukikadiria kwa kanuni hiyo, yai la mnyoo wa ini huzama kama milimita 1 kwa sekunde, hivyo hupita sentimita 10 za tyubu kabla ya dakika mbili kwisha. Yai la strongili huzama chini ya sehemu ya kumi ya milimita kwa sekunde, na safari hiyo hiyo huichukua kama dakika 20. Tukimwaga maji ya juu baada ya dakika 5, yai la mnyoo wa ini limeshafika chini na mengi ya strongili yanamwagika pamoja na uchafu mwepesi.

Kumbuka makadirio haya. Ndiyo yanayotuambia kwa nini kutuamisha hungoja dakika 5 na kuelesha hungoja 20, na tutayahitaji tena tukifika kwenye makosa.

Mbinu: andika ulichofanya

Sehemu ya mbinu si mahali pa kunakili mwongozo wa zoezi. Mwongozo unasema kilichopaswa kufanyika. Ripoti inasema kilichofanyika. Ikiwa mizani ilikuwa mbovu mkatumia kijiko cha chai, andika kijiko cha chai. Msomaji akikuta "gramu 3" ataamini ni gramu 3, na kila hesabu atakayoijenga juu yake itakuwa imejengwa juu ya uongo.

Kwa sampuli A, kikundi cha kwanza kingeweza kuandika hivi:

"Sampuli ilichukuliwa kwa mkono uliovaa glavu kutoka kwenye puru la ng'ombe saa 1:30 asubuhi. Chupa ilijazwa hadi mdomoni, ikafungwa, ikawekwa kwenye kasha lenye barafu, na kuchunguzwa saa 5:00 asubuhi siku hiyo hiyo.

"Kuelesha: gramu 3 za kinyesi zilikorogwa katika mililita 50 za maji ya chumvi yaliyokolea, ambayo densiti yake ilisomwa kwa haidromita kuwa 1.20. Mchanganyiko ulichujwa kwa chujio la chai na kumiminwa kwenye tyubu mpaka maji yakavimba kidogo juu ya mdomo. Kigae chembamba cha kufunikia slaidi kiliwekwa juu yake kwa dakika 20, kikanyanyuliwa wima na kulazwa kwenye slaidi. Eneo lote la kigae lilisomwa kwa ukuzaji wa mara 100.

"Kutuamisha: gramu 3 za kinyesi zilikorogwa katika mililita 50 za maji ya bomba, zikachujwa na kuachwa zitulie kwa dakika 5. Maji ya juu yalimwagwa taratibu, mashapo yakakorogwa upya katika mililita 5 za maji na kuachwa dakika 5 nyingine, kisha maji ya juu yakaondolewa. Tone moja la methilini bluu liliongezwa. Mashapo yote, kama mililita 1, yalisomwa kwenye sahani ya petri kwa ukuzaji wa mara 40."

Maelezo haya ni mafupi, lakini kila kipande kina kazi. Kuchukua kutoka kwenye puru kunaondoa shaka kwamba minyoo wadogo wa udongoni, wasioishi ndani ya mnyama, wameingia kwenye sampuli. Chupa iliyojaa na barafu zinaeleza kwa nini mayai hayakuanguliwa njiani: katika joto na hewa, mayai ya strongili yanaweza kutoa viluwiluwi ndani ya siku moja, na yai lililoanguliwa halihesabiki tena. Densiti imetajwa kama iliyopimwa, si kama ilivyotegemewa. Na sentensi inayosema kiasi gani cha kigae au cha mashapo kilisomwa ndiyo ambayo wanafunzi huisahau zaidi, ingawa, kama tutakavyoona, inaweza kuamua peke yake kama matokeo yatakuwa 6 au 0.

Matokeo: namba, umbo na kipimo

Katika matokeo usieleze sababu. Eleza ulichokiona, kwa namna ambayo mtu mwingine akitazama slaidi ile ile angeweza kukubali au kukukatalia. Jedwali dogo linatosha. Haya ndiyo matokeo ya vikundi vitatu kwa sampuli A:

| Kikundi | Kuelesha: mayai ya strongili | Kutuamisha: mayai ya minyoo wa ini | Sehemu ya mashapo iliyosomwa |
|---|---|---|---|
| 1 | 14 | 6 | yote |
| 2 | 11 | 0 | tone moja |
| 3 | 1 | 5 | yote |

Hakuna kikundi kilichoona yai la mnyoo wa ini kwa kuelesha. Vikundi vya 1 na 3 viliona pia, katika mashapo, mayai ya minyoo bapa wa tumbo la kwanza. Kwa sampuli B, ya mbuzi, kikundi cha 1 kilihesabu mayai 86 ya strongili kwa kuelesha pamoja na vifuko vidogo vya koksidia. Kwa kutuamisha kiliona mayai 3 tu ya strongili na hakikuona yai lolote la minyoo bapa.

Jina la yai pekee halitoshi. "Yai la mnyoo wa ini" ni hukumu, na hukumu huhitaji ushahidi. Andika urefu na upana uliopima kwa mikromita ya jicho la hadubini, rangi, kifuniko cha ncha moja kama kipo, na yaliyomo ndani. Yai la mnyoo wa ini na lile la mnyoo wa tumbo la kwanza yanakaribiana sana kwa ukubwa na yote mawili yana kifuniko. Kinachoyatenganisha ni kwamba la ini ni la rangi ya dhahabu na chembechembe zake zimelijaza gamba lote, wakati la tumbo la kwanza ni jeupe la kijivu na seli zake zinaonekana wazi moja moja. Ndiyo maana ile methilini bluu hutiwa: mabaki ya majani hugeuka bluu na yai la ini hubaki na dhahabu yake. Tofauti hii si ya kitaaluma tu, kwa kuwa dawa nyingi zinazoua minyoo wa ini haziwagusi wale wa tumbo la kwanza waliokomaa.

Mchoro nao uwe wa yai uliloliona. Chini yake andika ukuzaji na kipimo. Mwalimu mzoefu huugundua mara moja mchoro ulionakiliwa kitabuni, kwa sababu yai la kitabuni halina kasoro, limelala sawasawa, na halina unyuzi wa jani uliopita juu yake.

Mjadala: namba zinasema nini, na zinanyamazia nini

Sasa ndipo sababu zinapoingia. Anza na kile mbinu ilichotabiri. Yai la mnyoo wa ini halikuonekana kwa kuelesha katika kikundi chochote, ingawa vikundi viwili viliona mayai 5 na 6 kwa kutuamisha. Hilo si kosa la mtu. Densiti ya maji ya chumvi isingeweza kulinyanyua yai hilo hata kama kila hatua ingefuatwa kikamilifu. Vivyo hivyo mayai 3 ya strongili katika mashapo ya mbuzi, dhidi ya 86 yaliyoelea, hayashangazi: mengi yalimwagwa na maji ya juu kabla ya kufika chini. Mwanafunzi anayeandika kwamba "mbinu ya kutuamisha ilifeli kwa mbuzi" hajaelewa ilichokuwa ikitafuta.

Pili, sema wazi kwamba kuelesha kwa namna hii hakupimi wingi. Mayai 86 ya mbuzi dhidi ya 14 ya ng'ombe hayamaanishi kwamba mbuzi ana minyoo mara sita zaidi. Hatujui ni mayai mangapi yaliyofika kwenye kigae na mangapi yaliyobaki kwenye kuta za tyubu. Jike la mnyoo mmoja wa kundi la strongili, yule mwekundu mnyonya damu wa tumbo la nne, hutaga maelfu ya mayai kwa siku, wakati jamaa zake wengine hutaga machache sana. Idadi ya mayai haitupi idadi ya minyoo. Anayetaka mayai kwa gramu atumie slaidi ya vyumba ya Makmasta. Ukikoroga gramu 4 katika mililita 56, unapata mililita 60 hivi, yaani gramu 1 kwa kila mililita 15. Vyumba viwili hubeba mililita 0.3, ambazo ni gramu 0.02 za kinyesi. Kila yai unaloliona ndani yake linawakilisha mayai 50 kwa gramu. Kwa hiyo hata mbinu hiyo ikikupa sifuri, kinachojulikana ni kwamba mayai ni machache kiasi cha kutoangukia kwenye sehemu ile ndogo.

Tatu, shughulikia sifuri ya mbuzi. Hakuna yai la mnyoo wa ini lililoonekana, na mbuzi huyu hachungwi majarubani waliko konokono wanaobeba viluwiluwi vya mnyoo huyo. Mambo hayo mawili yanaelekea upande mmoja. Lakini majani anayokatiwa huenda yanatoka kandokando ya mfereji. Isitoshe, mnyoo wa ini wa ukanda wetu huchukua zaidi ya miezi mitatu tangu kumezwa hadi kuanza kutaga. Katika muda huo wote mnyama anaweza kuumwa ilhali kinyesi chake hakina yai hata moja. Na hata mnyoo akishakomaa, mayai hukusanyika kwenye nyongo na kushuka kwa vipindi, leo mengi, kesho machache. Sentensi iliyo ya kweli ni hii: "Hakuna yai la mnyoo wa ini lililoonekana katika gramu 3 za kinyesi cha mbuzi." Haiendi mbali zaidi, na haipaswi.

Vyanzo vya makosa: maswali matatu

Sehemu hii ndiyo inayotenganisha ripoti ya mtu aliyefikiri na ya mtu aliyejaza kurasa. Kosa la kawaida ni kuorodhesha kila kitu ambacho kingeweza kuharibika: mizani, hadubini, macho, mwanga, haraka. Orodha kama hiyo ingefaa zoezi lolote duniani, na kwa sababu hiyo haielezi hili. Kabla ya kuandika chanzo chochote cha kosa, kiulize maswali matatu. Je, kuna ushahidi kwamba kilitokea? Kingesukuma matokeo upande gani, juu au chini? Na ungekithibitishaje?

Tuyajaribu kwenye jedwali letu. Kwa kuelesha, vikundi vilipata 14, 11 na 1. Kwanza tujue kama tofauti hizo zinahitaji kuelezwa. Mayai hayakusambaa sawasawa ndani ya kinyesi. Ukichota mara mbili kutoka chupa moja hutapata namba ile ile. Kwa hesabu ndogo kama hizi, bahati peke yake huzisogeza kwa kiasi cha kipeuo cha pili cha namba yenyewe. Kipeuo cha pili cha 14 ni karibu 4, kwa hiyo 14 na 11 hazina tofauti ya kuongelea. Mwanafunzi wa kikundi cha 2 asihangaike kutafuta alikokosea. Lakini 1 iko mbali mno. Hapo kuna jambo.

Kikundi cha 3 kilirudi kutazama chupa yake ya maji ya chumvi. Chupa za vikundi vingine zilikuwa na punje za chumvi zisizoyeyuka chini, ishara kwamba maji yameshiba. Ya kwao haikuwa nazo. Haidromita ilisoma 1.06. Inaelekea mtu alijazia maji chupa iliyokuwa ikielekea kwisha. Sasa rudi kwenye kanuni ya Stokes: yai la densiti ya 1.05 katika maji ya 1.06 lina msukumo mdogo mno wa kupanda, na lile la 1.07 linazama kabisa. Kungoja dakika 20 hakungesaidia. Kikundi kilitengeneza maji mapya, kikiyeyusha chumvi katika maji ya moto mpaka ikagoma na kuyaacha yapoe. Haidromita ikasoma 1.20, na kinyesi kile kile kikatoa mayai 12. Hicho ni chanzo cha kosa kilichokamilika: kuna ushahidi, kuna upande, kuna uthibitisho. Katika ripoti kingechukua sentensi nne, nazo zina thamani kuliko ukurasa wa "huenda".

Kwa kutuamisha, vikundi vilipata 6, 0 na 5. Sifuri ya kikundi cha 2 inaonekana kama uzembe, lakini tazama safu ya mwisho ya jedwali. Walisoma tone moja tu la mashapo. Tone la kawaida ni karibu mililita 0.05, na mashapo yalikuwa mililita 1, kwa hiyo walisoma sehemu 1 kati ya 20. Ikiwa mashapo yote yalikuwa na mayai kama 6, tone lao lilitarajiwa kuwa na mayai 0.3. Sifuri ndilo jibu ambalo lilikuwa na uwezekano mkubwa tangu mwanzo. Hawakukosea kutambua yai. Hawakulipa yai nafasi ya kuonekana. Kama wasingeandika kiasi walichosoma, ripoti yao ingemtangaza ng'ombe mgonjwa kuwa mzima, na hakuna ambaye angeweza kujua kwa nini.

Mifano yote miwili inashusha matokeo. Makosa mengi ya mbinu hizi yako upande huo: kigae kunyanyuliwa mapema, povu la hewa kunasa chini yake, maji ya mashapo kumwagwa kwa pupa, sampuli kukaa juani. Ndiyo maana "hapana" ya hadubini ni dhaifu kuliko "ndiyo" yake. Kungoja kupita kiasi nako kuna hasara. Chumvi iliyokolea hunyonya maji kutoka kwenye yai, gamba hujikunja, na maji yakikauka pembeni mwa kigae punje za chumvi hujenga ukuta juu ya uwanja wa kusomea. Slaidi ya kuelesha isomwe mara tu inapotengenezwa.

Makosa yanayopandisha matokeo ni machache, lakini yapo, na ripoti iyatenge. Chujio la chai lililotumika kwa mbuzi mwenye mayai mengi, kisha likasuuzwa juu juu na kutumika kwa ng'ombe, linaweza kuhamisha mayai. Njia ya kujua ni kupitisha maji ya chumvi matupu kwenye chujio lililosuuzwa na kuyachunguza kama sampuli ya tatu. Likionekana yai humo, matokeo ya sampuli iliyofuata yana shaka. Chavua ya mimea, povu la hewa na vinyweleo vya majani navyo humdanganya anayeanza. Povu lina ukingo mnene mweusi na halina kitu ndani. Chavua mara nyingi ina miiba au mikunjo inayojirudia kwa mpangilio. Pima ukubwa, ukitofautiana sana na yai unalolidhania, acha jina na uandike "kitu kisichotambuliwa", pamoja na mchoro wake.

Mwisho wa sehemu hii, tenga mambo matatu ambayo huchanganywa chini ya jina moja. Kosa ni kile kilichofanyika vibaya na kinaweza kurekebishwa, kama maji ya chumvi ya kikundi cha 3. Ukomo wa mbinu ni kile ambacho isingeweza kukiona hata ikifanywa vizuri, kama yai la ini katika kuelesha. Tofauti ya asili ni ile ya mnyama na ya bahati, kama 14 na 11, au nyongo inayoachia mayai kwa vipindi. La kwanza unalirekebisha kwa kurudia zoezi vizuri. La pili unalirekebisha kwa kuongeza mbinu nyingine. La tatu unalirekebisha kwa kuchukua sampuli nyingi zaidi: kutoka kwa mnyama yule yule siku tofauti, au kutoka kwa wanyama kadhaa wa kundi. Ripoti inayoyaita yote "makosa" humwacha msomaji bila kujua afanye lipi kati ya hayo.

Hitimisho

Kwa mfano wetu, hitimisho lingekuwa hivi: "Ng'ombe wa sampuli A anatoa mayai ya strongili, ya minyoo wa ini na ya minyoo wa tumbo la kwanza. Mbuzi wa sampuli B anatoa mayai ya strongili na vifuko vya koksidia. Mayai ya minyoo bapa hayakuonekana katika gramu 3 za kinyesi chake zilizochunguzwa. Wingi wa mayai haukupimwa. Inapendekezwa mayai ya strongili ya mbuzi yahesabiwe kwa gramu, na kutuamisha kurudiwe kwake kwa sampuli za siku nyingine." Sentensi tano, na kila moja inaweza kufuatiliwa nyuma hadi kwenye matokeo.

Unapomaliza ripoti yako, pita tena kwenye hitimisho ukiwa na kalamu mkononi. Kila dai ambalo huwezi kulinyooshea kidole kwenye matokeo, lifute. Kila kosa ambalo huna ushahidi wake, lifute pia. Na pale hadubini ilipokuonyesha sifuri, andika ni gramu ngapi za kinyesi ulizozitazama na ni sehemu gani ya mashapo uliyoisoma, ili mfugaji asije akamwacha ng'ombe mgonjwa bila dawa kwa sababu ya tone moja.